"Mchapakazi, Mwaminifu, Mcha Mungu": Barua Isiyosema Kitu



Leo sina video, nina maneno tu. Na yanahusu karatasi moja.

Senge yangu ana hoteli hapa Sigor, karibu na stegi ya matatu. Si hoteli ya kulala, ni ile hoteli yetu ya kawaida: chai ya maziwa, mandazi, chapati, ugali na nyama, mboga za kienyeji, mursik kwa wanaoijua. Meza tisa. Kwa miaka mitatu meza hizo zimekuwa na weita mmoja ambaye watu wa hapa wanamjua kuliko wanavyomjua mwenye hoteli. Jina lake sitaji kwa sababu ameniomba nisimtaje, kwa hivyo tumuite jamaa.

Mwisho wa Januari 2025 jamaa alipata kazi kwenye mkahawa mkubwa Kericho. Mshahara mzuri zaidi, yunifomu, watalii wa mashamba ya chai. Meneja wa kule alimwambia kitu kimoja tu: "Uje na barua ya mwajiri wako wa sasa." Jamaa akamuomba senge. Senge akanipigia simu mimi. "Weri, wewe ulienda chuo, andika hiyo barua."

Ndiyo, nilienda chuo. Mihula mitatu, kisha nikaacha, na hiyo stori nishawapa. Lakini kwa senge mtu aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara ni mwandishi wa barua mpaka kufa.

Nikafanya vile wengi wetu hufanya. Nikatafuta mfano kwenye simu, nikabadilisha jina na tarehe, nikachapisha pale saiba. Sentensi nne: huyu ni mchapakazi, mwaminifu, mcha Mungu, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, tunamtakia kila la heri. Dakika kumi, kazi imeisha, nikajipongeza kwa chai.

Jamaa aliisoma akiwa amesimama, kitambaa cha kufutia meza begani. Akaisoma tena. Kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa hii ni yangu ama ya mtu wa kuosha magari?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Manze, hiyo swali ilinikalia vibaya usiku mzima. Nilipoacha chuo nilipewa karatasi inayoonyesha kila somo nililofanya, hata yale niliyoanguka. Mtu akiishika anajua nilikaa darasani lini, nikafanya nini, nikapata ngapi. Mimi niliyeacha katikati nina rekodi kamili. Jamaa hajawahi kuacha kitu katikati, amesimama kwa miguu yake miaka mitatu, na rekodi yake ni sentensi nne ambazo ukibadilisha jina zinamfaa bawabu, mwalimu wa nasari ama mchunga ng'ombe.

Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Barua ya weita ni transkripti yake. Kama haina meza, pesa na tarehe ndani yake, ni tupu, hata iwe na muhuri mkubwa namna gani.

Lakini kabla ya barua, kuna kitu nilijifunza ambacho sikujua, na nadhani wengi wenu hamjui pia. Karatasi za kuondokea kazini ni mbili, si moja.

Ya kwanza inaitwa cheti cha huduma. Iko kwenye Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 51. Ukiwa umefanya kazi angalau wiki nne mfululizo, ukiondoka mwajiri lazima akupe. Haijalishi umeacha mwenyewe, umefutwa ama mmekosana. Ndani yake kuna vitu vichache na vikavu: jina la mwajiri na anwani yake ya posta, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyokuwa ukifanya na mahali ulipoifanyia, na siku uliyomaliza. Hakuna sifa, hakuna matusi. Mwajiri akikataa kukupa makusudi, ama akiandika ndani yake kitu anachojua ni uongo, ni kosa. Faini inaweza kufika shilingi 100,000, ama kifungo cha hadi miezi sita, ama vyote viwili.

Ya pili ni hii barua ya kukupendekeza, ile inayosema wewe ni mtu wa namna gani na unafanyaje kazi. Na hapa sheria hiyo hiyo, kifungu hicho hicho, inasema wazi kwamba mwajiri halazimishwi kuiandika. Hiyo ni hisani.

Mnaona tofauti? Watu wengi wanapiga magoti kuomba ya pili na hawajui ya kwanza ni haki yao. Bosi akisema "sikuandikii chochote," nusu ya hiyo sentensi anaruhusiwa na nusu nyingine ni kuvunja sheria. Na usidanganywe na ile ya "wewe ulikuwa kibarua tu, hatukuandikiana." Sheria hiyo inasema kibarua akifanya kazi kwa siku za mfululizo zinazofika mwezi mmoja, anahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Ukinyimwa cheti unaanzia ofisi ya afisa wa leba, na ikishindikana, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa mpaka hapa Kericho.

Sasa turudi kwa senge, kwa sababu shida kubwa haikuwa sheria. Shida ilikuwa roho.

Nilipomwambia barua ya kwanza ni mbovu na nataka tukae tuandike nyingine, alinyamaza, akaendelea kuchambua mboga. Kisha akaanza. Kwamba jamaa alikuja hapa hajui hata kushika trei. Kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Kwamba anaondoka wakati biashara inaanza kushika. Kwamba akiandikiwa barua tamu sana, kesho hata yule wa jikoni ataomba yake. Na mwisho akasema hili: "Halafu hesabu zake za jioni zilikuwa zinapungua pungua. Hiyo nayo tutaandika?"

Hapo nilikwama. Kama hesabu zilipungua, siwezi kuandika mwaminifu. Kama hazikupungua, senge anamharibia mtu jina kwa uchungu wa kuachwa. Katikati ya hayo mawili kuna mtu anasubiri kwenda Kericho.

Nikamwambia, "Senge, lete daftari."

Hoteli yake haina kompyuta, lakini ina daftari. Kila jioni anayefunga anaandika: pesa taslimu ni ngapi, za M-Pesa ni ngapi, jumla ya oda ni ngapi, imepungua ama imezidi. Jamaa alianza kufunga hesabu Januari 2023. Tukakaa mezani mimi na senge na thamosi ya chai, tukapitia ukurasa kwa ukurasa, miaka miwili. Ilituchukua jioni mbili. Tulipata siku ambazo hesabu ilipungua. Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa shilingi 250, nyingine 180. Na pembeni ya zote mbili, kwa mwandiko wa jamaa mwenyewe, kulikuwa na maelezo: chenji ilitolewa mara mbili, mteja wa meza ya nne.

Senge aliangalia ile kurasa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi yule wa kupungua pungua alikuwa yule wa kabla yake." Hakusema zaidi. Akaongeza chai.

Wasee, kichwa cha binadamu ni daftari bovu. Mtu akikuacha, kichwa kinaanza kumwandikia makosa ya wengine. Ndiyo maana barua nzuri haiandikwi kutoka kichwani. Inaandikwa kutoka kwa kitu kilichoandikwa siku ile ile jambo lilipotokea: daftari la hesabu, orodha ya shifti, ujumbe wa simu, hata ile kalenda ya ukutani.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Niliwauliza wote wawili, kila mmoja kivyake, maswali matatu tu. Alikuwa anahudumia watu wangapi kwa wakati gani? Alikuwa anashika pesa namna gani? Na kuna siku gani ambayo bila yeye mambo yangeharibika?

Swali la kwanza ni muhimu kwa sababu weita mzuri wa meza tatu zenye watu watulivu si lazima awe weita mzuri wa saa saba mchana. Pale kwa senge msongamano ni kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu. Watu wa ofisi, madereva, walimu, wenye ng'ombe waliotoka sokoni, wote wanataka kula na kuondoka. Sahani 60 hadi 80 kwa saa mbili, weita wawili. Meneja yeyote wa mkahawa akisoma hiyo namba anajua kitu papo hapo. Akisoma "mchapakazi" hajui lolote.

Swali la pili ndilo linalolala kwenye roho ya kila mwenye hoteli. Na hapa jamaa alinipa kitu ambacho senge mwenyewe alikuwa amesahau. Kuna mteja alikula na wenzake watano, akaonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake kwamba amelipa, akaanza kutoka. Jamaa akamwambia kwa heshima asubiri kidogo. Hakuangalia simu ya mteja. Alienda kaunta akaangalia simu ya hoteli. Hakukuwa na kitu. Mteja akapandisha sauti, jamaa akabaki pale pale, sauti ya chini, "Ikiingia tu hapa, boss, unaenda." Mwishowe pesa ikalipwa kwa noti. Ule ujumbe ulikuwa wa kutungwa. Ujumbe wa ukweli kwa mwenye biashara unaingia kwenye simu ya biashara, na jina la mtumaji ni MPESA, si namba ya mtu. Kitu kidogo, lakini hasara za hoteli ndogo zinaweza kupitia mlango huo wa aibu: weita anaogopa kumwambia mtu mzima asubiri.

Swali la tatu lilileta koito. Desemba 2023 kulikuwa na koito ya familia moja ya hapa, wageni 150, na senge ndiye aliyepewa chakula. Asubuhi ya siku hiyo senge akapelekwa hospitali Longisa na presha. Jamaa ndiye aliyepanga nani abebe nini, wazee wahudumiwe kwanza, chai itoke kabla ya maneno kuanza. Chakula kilitosha. Hakuna mzee aliyenung'unika, na nyinyi mnawajua wazee wa koito.

Kwa hivyo tukaandika. Tuliiandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo mikahawa ya mjini inavyotaka, lakini hii hapa kwa Kiswahili, nimeficha majina na namba peke yake:

"28 Februari 2025

Kwa Meneja,

Nakuandikia kuhusu mfanyakazi wangu aliyetajwa hapo juu, aliyefanya kazi katika hoteli yangu hapa Sigor kuanzia 3 Machi 2022 hadi 28 Februari 2025. Mimi ndiye mmiliki na nimemsimamia mwenyewe muda huo wote.

Alianza kwa kuosha vyombo. Baada ya miezi minne nilimhamishia mezani, na amekuwa weita tangu wakati huo. Tuna meza tisa na viti 36. Saa za chakula cha mchana tunatoa sahani 60 hadi 80 kwa muda wa saa mbili, na kazi hiyo ameifanya yeye na mwenzake mmoja.

Tangu Januari 2023 amekuwa akifunga hesabu ya jioni: kuhesabu pesa taslimu, kuzilinganisha na oda na malipo ya M-Pesa, na kuandika daftarini. Kwa miaka miwili hesabu ilipungua mara mbili, zote chini ya shilingi 300, na mara zote mbili aliandika sababu mwenyewe siku hiyo hiyo.

Desemba 2023 nilipougua, alisimamia peke yake huduma ya chakula kwa wageni 150. Amefundisha weita wawili wapya. Mmoja bado yuko nasi.

Hajawahi kutumia mashine ya kuingiza oda wala kuhudumia pombe, kwa sababu sisi hatuna. Cheti chake cha afya cha kushika chakula amekifanya upya kila miezi sita bila kukumbushwa.

Anaondoka kwa hiari yake baada ya kunipa notisi ya maandishi ya siku 28. Akitaka kurudi, nitampokea.

Unaweza kunipigia kwa namba iliyo hapo chini, baada ya saa tisa mchana."

Sahihi, jina, namba, sanduku la posta, muhuri. Ukurasa mmoja. Na pembeni, kwa karatasi nyingine, cheti chake cha huduma. Senge alitia sahihi zote mbili.

Sasa kuna watu watanibishia mistari miwili ya hiyo barua, kwa sababu hata nyumbani walinibishia.

Wa kwanza ni ule wa mashine na pombe. Binamu yangu alisema, "Unamuuza ama unamzuia? Mbona uandike asichojua?" Nikamwambia hivi. Siku ya kwanza kule Kericho watampa ile mashine ya kugusa kioo aingize oda. Kama barua imemsifu kwamba anajua kila kitu, dakika ile atakaposimama mbele yake bila kujua abonyeze wapi, barua yote imekuwa uongo, hata ile sehemu ya ukweli. Lakini kama barua imesema hajaitumia, meneja anajua siku ya kwanza amuweke na mtu wa kumwonyesha. Kutojua mashine ambayo hamna si aibu. Kupewa sifa ya mashine hiyo ndiyo aibu, na atakayeilipa ni jamaa, si mimi niliyeandika. Halafu msomaji akiona umekubali kitu kimoja usichojua, anaanza kuamini vile kumi ulivyosema unajua.

Wa pili ni ule wa hesabu kupungua. Hata jamaa mwenyewe alishtuka. "Si ungeacha tu?" Nikamwuliza, wewe ukiwa meneja, utaamini nani, weita ambaye hajawahi kupungukiwa hata shilingi kumi kwa miaka miwili, ama yule aliyepungukiwa mara mbili na akaandika? Alifikiria kidogo akasema, "Yule wa kwanza anaficha." Haswa.

Lakini mstari ninaoupenda kuliko yote ni ule mfupi wa mwisho: akitaka kurudi, nitampokea. Senge alikaa nao siku nzima kabla ya kuukubali. Na ndio mstari wenye uzito kuliko yote, kwa sababu mwajiri mpya akipiga simu, hapigi kuuliza kama unamcha Mungu. Anauliza lini alianza na lini aliondoka, anauliza kwa nini anaondoka, na anauliza, "Ungemchukua tena?" Hapo kwa la tatu anasikiliza zaidi ule ukimya kabla ya jibu kuliko jibu lenyewe.

Na kuhusu simu, hapa karibu tuharibu kila kitu.

Meneja alipiga. Alipiga mara mbili, Jumatatu na Jumanne. Senge hakushika. Kwa nini? Kwa sababu senge hashiki namba asiyoijua. Alishawahi kupigiwa na wale wa "umeshinda, tuma namba yako ya siri," na tangu siku hiyo namba ngeni kwake ni mwizi. Barua imesema "nipigie," halafu mwenye barua anajificha chini ya leso. Jumatano jamaa alipiga kule kuuliza kama kuna habari, akaambiwa, "Mwajiri wako hapatikani, tunaanza kuwa na wasiwasi." Nilikimbia kwa senge nikaketi naye mpaka simu ikalia tena. Walizungumza dakika nne. Nilisikia upande mmoja tu. Aliulizwa lile swali, na senge akajibu bila kusita, "Hata leo jioni."

Kwa hivyo kama unaondoka kwa hoteli, ama duka, ama kinyozi, ama popote, wacha niseme nilichoona kwa macho yangu na si zaidi ya hapo.

Omba karatasi zako wakati bado uko kazini, siku ile unapopeleka notisi, si wiki mbili baada ya kuondoka wakati bosi ameshapata mtu na amesahau sura yako. Kama unalipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 na iwe ya maandishi, hata nusu ukurasa. Jamaa aliandika yake tarehe 31 Januari, akafanya kazi mpaka siku ya mwisho, na hiyo peke yake ilikuwa mstari mzima kwenye barua.

Mpelekee bosi mambo yaliyo tayari. Tarehe zako, meza zako, siku uliyopewa kaunta, ile shughuli uliyosimamia. Si kujisifu. Mabosi wengi hawaandiki barua mbovu kwa ubaya. Wanaandika mbovu kwa sababu wamekaa mbele ya karatasi nyeupe na hawakumbuki kitu, kisha wanaangukia "mchapakazi." Ukimpa namba ataziandika. Kama ana daftari, mwambie alifungue.

Usimwombe akuandikie uongo. Na kama bosi anataka kukuandikia kitu kibaya, kumbuka unaweza kukataa hiyo barua ya hisani na bado ukadai cheti cha huduma, ambacho hakina nafasi ya maoni yake.

Na mtu ambaye namba yake iko kwenye barua, mhifadhie ile namba ya kazi mpya kwenye simu yake kabla hujapanda matatu. Andika jina lake wazi, "Meneja Kericho." Tafadhali.

Kwa wale wenye biashara ndogo, nyinyi senge zetu na mama zetu na wazee wetu: najua inauma. Umemfundisha mtu kushika trei, na sasa anaenda kuishikia mtu mwingine. Lakini barua si ya kumshikilia hapo. Miaka mitatu alishaifanya, tena kwako. Kitu unachoandika ni kama yalitokea ama hayakutokea.

Jamaa alipanda matatu ya Bomet Jumamosi asubuhi, abadilishe pale na kwenda Kaplong, Litein mpaka Kericho. Senge alimpakia mursik kwenye chupa na chapati sita zilizofungwa kwa gazeti. Jamaa akasema, "Kongoi, mama." Senge akamwambia asizichape zote kabla ya Litein.

Ile barua ya kwanza, ya sentensi nne, bado iko mezani kwangu. Juzi nilijaribu kitu. Nilifuta jina la jamaa nikaweka langu, mimi ambaye sijawahi kuhudumia hata meza moja. Ilisomeka vizuri tu. Hakuna neno moja lililokataa.

Sasa niambieni, mara ya mwisho ulipoacha kazi, uliondoka na karatasi gani mkononi? Na je, ingemfaa mtu mwingine?